Picha za usiku sebuleni: kupunguza chenga bila kupoteza sura za watu

Sebule nyingi za Dodoma, iwe Nkuhungu, Ipagala au Kisasa, zinawashwa na balbu moja ya LED ya wati 9 katikati ya dari. Kwa macho yetu mwanga huo unatosha kula, kupiga soga, hata kusoma barua ya mwaliko. Kwa kamera ya simu hilo ni giza. Ndiyo maana picha za kikao cha send-off au za bibi aliyeshuka jioni na basi la Kongwa hutoka zimejaa chenga, au hutoka safi kabisa lakini uso umefutwafutwa hadi huwezi kusema yule ni mama mkubwa au mama mdogo.

Nimechagua hali hiyo moja: watu wawili au watatu ndani, taa hafifu, simu ya kawaida, na hakuna vifaa vya studio.

Chenga zinatoka wapi

Mwanga unaofika usoni ukiwa kidogo, kamera hupokea taarifa kidogo kuhusu uso huo, kisha inalazimika kuzikuza ili picha ionekane. Kiasi cha kukuza ndicho kinachoandikwa ISO. Ukiongeza sauti ya redio iliyoshika stesheni vibaya, mkwaruzo nao unapanda. ISO inafanya hivyohivyo kwenye picha.

Kwa hiyo ushauri wa "shusha ISO" ukiachwa peke yake haufai kitu. Ukishusha ISO bila kubadilisha kingine, picha inakuwa nyeusi, na ukija kuing'arisha baadaye chenga zinarudi palepale, mara nyingi na madoa ya kijani na zambarau kwenye nywele na shingo. Dawa ni tatu tu: mwanga mwingi zaidi ufike usoni, kamera ikae wazi muda mrefu zaidi, au simu ipige picha kadhaa na kuziunganisha. Ya pili na ya tatu zinamtaka mtu atulie, na watu hawatulii. Kwa hiyo anza na ya kwanza, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Futa lenzi

Vumbi la Dodoma halichagui msimu, na simu inayotoka mfukoni ina mafuta ya vidole juu yake. Ukiona balbu imezungukwa na utandu mweupe kwenye kioo, au mistari ya mwanga inayokatiza picha, hiyo ni lenzi chafu. Pumulia, futa kwa kitambaa laini cha pamba. Basi.

Hatua ya 2: Mpange mtu kwa kufuata taa

Mwanga wa balbu hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali nayo: ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki robo. Mtu aliyekaa kwenye sofa la ukutani anapata sehemu ndogo sana ya kile anachopata aliye karibu na katikati ya chumba, ingawa macho yetu yanazoea na kutudanganya kuwa wote wako sawa.

Tuchukue picha yenyewe. Ni saa 2 usiku, bibi amekaa kwenye sofa na mjukuu wake bibi harusi mtarajiwa kando yake, ukuta mweupe nyuma yao. Balbu inaning'inia mita 2.5 kutoka sakafuni. Uso wa mtu aliyekaa uko kwenye mita 1.2 hivi, na sofa liko mita 2.2 kutoka usawa wa balbu. Ukipiga hesabu, kutoka balbu hadi usoni ni kama mita 2.5. Simu ikiachwa ijiamulie, itachagua kitu kama ISO 1600 na muda wa sehemu ya 25 ya sekunde. Chenga zipo, na bibi akigeuza kichwa kidogo tu, macho yanavurugika.

Wazo linalokuja haraka ni kuwaweka chini ya balbu moja kwa moja. Usifanye hivyo. Taa ya utosini inatupa kivuli cha nyusi kwenye macho na kivuli cha pua kwenye mdomo, na kama bibi amejifunga kilemba, nusu ya uso wake inazama. Picha itakuwa na chenga chache lakini hakuna macho.

Mahali pazuri ni pale ambapo mwanga unateremka kwa mshazari. Kwa chumba chetu, weka viti kama mita 1.3 kutoka usawa wa balbu, watu wakiitazama taa, na wewe simama upande wa taa. Kipimo chake ni rahisi: tazama macho ya mtu. Ukiona kidoa cheupe cha taa kinang'aa ndani ya kila jicho, umefika. Usipokiona, mrudishe nyuma hatua moja au mwombe ainue kidevu.

"Shikamoo bibi. Naomba uhamie kwenye kiti hiki, taa ikuone vizuri."

"Marahaba baba. Ila taa yenyewe inaniumiza macho."

Asiitazame basi. Amtazame mjukuu wake, na mjukuu amtazame yeye. Mwanga utawafuata tu. Kwa kuhama huko peke yake mwanga usoni umekaribia kuongezeka mara mbili. Sasa unaweza kubaki na ISO 1600 lakini muda ukashuka hadi sehemu ya 50 ya sekunde, na kichwa kinachogeuka taratibu hakivurugiki tena.

Jambo jingine: nyuso mbili zikae umbali uleule kutoka kwenye taa na umbali uleule kutoka kwenye simu. Mjukuu akikaa mbele na bibi nyuma, mmoja atang'aa na mwingine atazama, na hakuna programu itakayowasawazisha bila kumjaza chenga yule wa nyuma.

Hatua ya 3: Ongeza mwanga kutoka pembeni

Nyumba nyingi zina taa ya kuchaji kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Hiyo ndiyo flashi yako. Iweke juu ya meza au rundo la mito, kama mita 1 kutoka kwenye nyuso, pembeni kidogo na juu kidogo ya macho yao. Usiielekeze tupu: mwanga mkali wa sehemu ndogo unatoa weupe kwenye paji la uso na kivuli kigumu ukutani. Tundika mbele yake kitambaa cheupe chepesi, au igeuzie ukuta mweupe ili mwanga urudi ukiwa mpana. Kitambaa mbele ya taa ya LED ya kuchaji hakina shida kwa dakika chache; mbele ya mshumaa, kibatari au balbu ya zamani inayochemka, usithubutu.

Kwa picha yetu ya bibi, taa hiyo kupitia kitambaa inaweza kushusha ISO kutoka 1600 hadi karibu 800, muda ukibaki sehemu ya 50. Pale kwenye sofa, kwa muda huohuo, ungehitaji ISO 3200. Umeipunguza mara nne, na bado hujagusa mpangilio wowote mgumu wa simu.

Huna taa ya kuchaji? Tochi ya simu ya mwenzako ielekezwe kwenye dari kama ni jipsam nyeupe, au kwenye ukuta ulio upande wao. Ikielekezwa kwenye dari ya mbao iliyopakwa vanishi, mwanga unaorudi ni mchache na una rangi ya chungwa. Na mtandike bibi shuka jeupe au khanga yenye eneo kubwa jeupe mapajani. Mwanga wa balbu ukigonga pale unarudi juu na kujaza kivuli cha chini ya macho na kidevu. Kwa ngozi nyeusi hili linasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu chenga hukaa zaidi kwenye vivuli vya uso kuliko kwenye sehemu zenye mwanga.

Zima televisheni. Rangi yake inabadilika kila sekunde na shavu moja litatoka la bluu. Na kama balbu ni ya njano na tochi ni nyeupe, fuata moja; uso wenye rangi mbili ni mgumu kurekebisha. Nikiwa na uhuru wa kuchagua, nazima ile dhaifu.

Karatasi laini ya kufutia paji la uso iwe karibu. Mafuta ya kujipaka yanaakisi taa, na pale panapong'aa hadi kuwa peupe kabisa hakuna taarifa iliyobaki ya kurudisha.

Hatua ya 4: Lenzi kuu, bila kuvuta

Tumia alama ya 1x. Hiyo kwa kawaida ndiyo kamera yenye tundu pana na kipande kikubwa cha kupokea mwanga. Ile ya 0.5x na ile ya selfi mara nyingi ni ndogo, na usiku tofauti inaonekana waziwazi. Ukibonyeza 2x au 3x gizani, simu nyingi hukata tu kipande cha picha ya kamera kuu na kukikuza pamoja na chenga zake. Ukitaka uso uwe mkubwa, sogea. Usisogee hadi sentimita 40 lakini, pua zitavimba. Mita 1 hadi 1.5 inafaa.

Zima Beauty. Simu kadhaa za Tecno, Infinix na Samsung huja na kipengele hicho, na wakati mwingine huwa kimeshawashwa. Kwenye mwanga mdogo kinalainisha ngozi ambayo tayari simu imeilainisha, na mikunjo ya bibi, ambayo ndiyo sura yake, inapotea.

Hatua ya 5: Gusa uso, funga, kisha rekebisha

Kamera hujaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Ukuta mweupe ukijaa kwenye picha, simu inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso mweusi unatoka gizani. Pazia la rangi nzito likijaa, inafanya kinyume: inaongeza hadi paji la uso linaungua na chenga zinamwagika kwenye pazia.

Gusa uso wa mtu kwenye kioo, uso wa mweusi zaidi kati yao kama wako wawili. Bonyeza kwa sekunde moja au mbili hadi mwanga na fokasi vifungwe. Kwenye iPhone utaona AE/AF LOCK, kwenye Android nyingi utaona alama ya kufuli. Kisha telezesha kialama cha jua juu au chini. Angalia sehemu yenye mwanga mkali zaidi kwenye uso, kwa kawaida paji au ncha ya pua: ipandishe hadi karibu na weupe, halafu rudi nyuma kidogo. Usiogope ukuta ukiwa mweupe kupita kiasi. Hakuna atakayeuliza ukuta umeendaje.

Watu wengi hupiga picha nyeusi kwa makusudi, wakisema wataing'arisha baadaye. Mchana hilo linakubalika. Usiku ndiyo njia fupi ya kuzalisha chenga.

Hatua ya 6: Kama simu yako ina Pro

Fungua Pro, sehemu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, na utafute S, ambayo ni muda wa kufunguka, pamoja na ISO. Baadhi ya simu za bei ya chini zina Pro yenye ISO pekee bila S. Hapo rudi kwenye hatua ya 5, au kwa Android jaribu programu ya bure ya Open Camera, ingawa nayo inategemea simu yenyewe inaruhusu nini. Kamera ya iPhone iliyokuja na simu haina sehemu hii.

Anza na 1/50. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni mwendo: mtu anayeongea kwa utulivu hubaki anasomeka. Ya pili ni umeme wetu. Umeme wa Tanzania unabadilika mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho haliioni hali hiyo. Kamera inaiona, na inaichora kama michirizi myeusi inayopita kwenye ukuta na nyuso. Ukichagua 1/100, 1/50 au 1/25, kila picha inakusanya mizunguko kamili ya taa na michirizi inaondoka. Ukichagua 1/200 chini ya balbu kama hizo, inarudi.

Sasa pandisha ISO hadi uso uonekane sawa. Ikiishia 800 au chini, simu nyingi za bei ya kati hutoa picha inayochapika. Ikifika 1600, inafaa kutazamwa kwenye simu. Ikivuka 3200, usiendelee kugusa vitufe. Rudi hatua ya 3 utafute taa. Watu wakikaa kimya kwa maombi, unaweza kurefusha muda hadi 1/25 ukiwa umeegemeza viwiko mezani, na ISO itapungua nusu. Watoto wakicheza, nenda 1/100 na ukubali chenga. Chenga kwenye uso unaotambulika ni afadhali kuliko uso laini uliovurugika.

Kwa video, chagua 30 na siyo 60. Kwenye 60 kila fremu ina muda mfupi mno wa kupokea mwanga, na juu ya hapo muda wa 1/50 hautoshei ndani ya fremu moja.

Vipi kuhusu Night?

Night, au Super Night kwenye Tecno, hupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha. Chenga hukaa mahali tofauti katika kila picha, kwa hiyo wastani wa picha 4 unazipunguza hadi nusu, na wastani wa picha 16 hadi robo. Ni kazi nzuri kwa jengo, kwa meza ya chakula, na kwa kundi la watu waliokubali kutulia.

Uso ukisogea kati ya picha moja na nyingine, simu ina njia mbili: iunganishe na kutoa macho mawili mawili, au iache kuunganisha sehemu ile na kuisugua kwa programu. Ndiyo maana kwenye picha za Night utaona sofa safi mno na uso usio na vinyweleo. Ukitaka kuitumia kwa familia, waambie wavute pumzi, waitoe, kisha watulie. Bonyeza wakiwa wametoa pumzi, tena kwa kutumia sekunde 3 za kujipiga ili kidole chako kisiitikise simu. Piga mara kadhaa. Halafu piga nyingine ya kawaida bila Night, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo yenye macho ya bibi.

Kujua kosa liko wapi

Kabla watu hawajainuka, kuza picha hadi jicho lijaze kioo. Kama jicho limevurugika lakini ua la kitambaa cha meza ni kali, mtu alisogea: fupisha muda. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ni mkono wako. Kama nyusi zinahesabika ila kuna chenga kila mahali, ni taa: sogeza taa. Kama nyusi zimekuwa doa moja na ngozi haina alama, ni simu inafuta chenga kwa nguvu: zima Beauty, toka Night, ongeza mwanga. Na kama jicho halieleweki lakini ukuta wa nyuma umekaa vizuri, fokasi ilikwenda ukutani: gusa uso tena.

Shughuli ikiwa uani, ratiba inakuokoa kuliko simu. Huku jua linazama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku kutegemea mwezi, na giza letu haliji polepole. Una kama dakika 20 za mwanga laini wa anga. Picha ya ukoo mzima ipigwe hapo, kabla ya wali, siyo baada.

Kusafisha na kutuma

Ukisafisha kwenye Lightroom ya simu, fungua Detail na upandishe Noise Reduction taratibu huku umekuza jicho. Simama pale kope zinapoanza kushikana, kisha rudi nyuma kidogo. Chenga za rangi, zile za kijani na zambarau, zifute kwa Color Noise Reduction hata kwa wingi, hazibebi sura. Chenga kidogo za kijivu ziache. Usiongeze Sharpening juu ya picha yenye chenga, kwa sababu utazinoa zenyewe.

Halafu usiipoteze kazi yote njiani. WhatsApp hubana picha, na picha yenye chenga hubanwa vibaya kuliko picha safi: uso unageuka vipande vya mraba, hasa kwenye vivuli. Kwenye kundi la familia tuma kwa HD. Kwa yule anayekwenda kuchapisha picha ya bibi ya kuweka ukutani, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, na utume faili lenyewe kama lilivyo.